Kabla hujaenda kutafuta vipozamataza na pipiti kandokando ya Mwanza

Ukipita malisho ya Kisesa au ukielekea Magu asubuhi, utawaona vipozamataza na pipiti, ndege wadogo wa kahawia wenye mistari, wakikimbia kwenye nyasi fupi, na wote watakuwa kama wa mama mmoja. Kazi ya kuwatenganisha huanzia nyumbani, kwa kuamua utatazama nini kwanza. Mtu asiyeamua mapema hukodolea macho mistari ya kifuani, ambayo karibu wote wanayo, na ndege huruka kabla hajapata jibu.

Panga kufika mapema, jua likiwa bado chini. Kufikia saa nne joto hupanda kutoka ardhini, na ndani ya darubini picha inachezacheza hadi mdomo mnene na mwembamba havitofautiki. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa. Ya kukuza zaidi hutikisika mkononi na hukuonyesha eneo dogo, na ndege hawa hawatulii. Jua liwe mgongoni kwako, kwa sababu rangi nyekundu ya bawa, ambayo ndiyo utakayoitegemea, ukiitazama dhidi ya mwanga huwa nyeusi tu. Ukikuta wachunga ng'ombe, wasalimie “mwangaluka” na useme unachotazama kabla hujainua darubini. Na ukiwa upande wa uwanja wa ndege kule Ilemela, usiielekeze kwenye uzio wala njia ya kurukia.

Sasa mpangilio wa kutazama. Anza na miguu. Shomoro huruka kwa miguu yote miwili pamoja, lakini kipozamataza na pipiti hutembea na kukimbia, mguu mmoja baada ya mwingine. Hapo umeshamtoa shomoro, na kwa kweli shomoro wa kichwa kijivu wa mitaani hata mistari mgongoni hana. Wanaosumbua zaidi ni kweche majike na kwelea kwelea wa mashamba ya mpunga: wana mistari, ni wa kahawia, na hushuka chini kula mbegu. Hao huja kwa makundi, wana mkia mfupi na mdomo mnene wa kuvunjia punje, na wakishtuka hunyanyuka wote kwa pamoja.

Baada ya miguu, mdomo na umbo. Pipiti ni mwembamba, mdomo wake mwembamba, shingo ndefu kidogo, na mara nyingi hutikisa mkia juu na chini anaposimama. Kipozamataza mwenye kisogo chekundu, ambaye ndiye utakayemkuta mara nyingi zaidi, ni mnene, mdomo wake una nguvu, na akichangamka husimamisha kishungi kifupi. Ukucha mrefu wa nyuma usikupotezee muda, kwani wote wawili wanao.

Jibu lenyewe huja akiruka, kwa hiyo usiishushe darubini anaponyanyuka. Kipozamataza huonyesha wekundu wa kutu kwenye manyoya makubwa ya bawa. Pipiti wa nyasi hana wekundu huo, ila kingo za mkia wake ni nyeupe na huwaka anapotua na kuutanua.

Chukua mfano huu. Ndege amesimama wima juu ya kichuguu, kifua kina mistari, kichwa huoni vizuri. Kusimama juu ya kichuguu si ushahidi, maana pipiti naye hupanda. Anapiga mluzi mfupi, anauacha, anaurudia vilevile, na katikati anapepesa mbawa na kuruka kidogo papo hapo. Huyo tayari anaelekea kipozamataza. Ananyanyuka: bawa jekundu, mkia hauna weupe. Umemaliza. Lakini kama ungesikia mpigo wa mbawa, prrr-prrr, kutoka juu angani na mluzi haupo, mtafute kipozamataza mwingine, mdogo na mwembamba zaidi, anayepiga mbawa akiwa anaruka. Yeye pia ana wekundu bawani, kwa hiyo hapo rangi peke yake haitoshi.

Kuna mtego mmoja ambao ni vizuri uujue kabla ya kwenda. Pipiti mwenye mgongo usio na mistari hana weupe safi mkiani. Kingo zake ni za rangi ya mchanga. Anayetegemea mkia tu atamwita kipozamataza. Rudi kwenye mdomo mwembamba na bawa lisilo na wekundu.

Kumbuka pia msimu. Kiangazi, Juni hadi Septemba, nyasi ni fupi na ndege huonekana vizuri, lakini manyoya yaliyochakaa hupoteza mistari na nyimbo hupungua. Mvua zikianza watu huwatambua kwa masikio, ila nyasi huwaficha. Mimi ningekwenda mwanzo wa vuli, kabla nyasi hazijarefuka.

Beba kalamu na daftari, uandike mambo manne kwa mpangilio uleule: miguu, mdomo, bawa, mkia. Ulichokosa kiache wazi. Ukiwa na bawa na mkia, mara nyingi unaweza kuamua ukiwa nyumbani. Ukiwa na mistari ya kifuani peke yake, andika “kahawia, hajulikani” na uendelee na mwingine.