Somo: Namna ya kuthibitisha kwamba baadhi ya mipangilio ya fumbo la vigae 15 haifikiki

Swali hili limerudi mara nyingi mno, nami nimechoka kulijibu vipande vipande. Kwa nini fumbo la vigae 15 vinavyoteleza ndani ya fremu ya nne kwa nne hugoma kumalizika pale ambapo kila kigae kimekaa mahali pake isipokuwa 14 na 15, ambavyo vimepishana? Jibu ni kwamba kutoka hapo mwisho haufikiki kabisa, na jambo hilo huthibitishwa kwa kuhesabu tu, bila kusogeza kigae hata kimoja. Wanahisabati Johnson na Story walikwisha kulichapisha mwaka 1879, hata kabla watu wa Marekani na Ulaya hawajalivamia fumbo hili kwa wingi mwaka 1880.

Hatua ya 1. Andika mpangilio ulionao na mpangilio unaoutaka. Hapa lengo letu ni 1 hadi 15 kwa mfululizo, nafasi tupu ikiwa kona ya chini kulia.

Hatua ya 2. Soma namba kama unavyosoma kitabu, mstari baada ya mstari, ukiiruka nafasi tupu. Kwa kila namba, hesabu ni namba ngapi ndogo kuliko yenyewe zinazokuja baada yake. Kila moja ya hizo ni jozi iliyopinduka. Jumlisha zote.

Hatua ya 3. Ongeza namba ya mstari ilipo nafasi tupu, ukihesabu kuanzia juu.

Hatua hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo isomwe polepole. Kigae kikisogea kushoto au kulia, mfululizo wa namba ulizosoma haubadiliki, kwa sababu kimebadilishana mahali na nafasi tupu, nayo hatuihesabu. Lakini kikisogea juu au chini, kinavuka vigae vitatu kamili katika mfululizo huo. Tuchukue lengo lenyewe: juu ya nafasi tupu kuna 12. Ukikishusha, mwisho wa mfululizo unakuwa 11, 13, 14, 15, 12, yaani jozi tatu zimepinduka papo hapo, na wakati huo huo nafasi tupu imepanda kutoka mstari wa 4 hadi wa 3. Mwanzo jumla ilikuwa 0 + 4 = 4; sasa ni 3 + 3 = 6. Zote ni shufwa. Katika mpangilio wowote mwingine hali ni hiyo hiyo: kati ya jozi tatu zinazoguswa, baadhi zitapinduka na nyingine zitanyooka, kwa hiyo idadi itapanda au kushuka kwa 1 au kwa 3, ambazo ni witiri, mstari wa nafasi tupu nao hubadilika kwa 1, ambayo pia ni witiri, na mabadiliko mawili ya witiri yakijumlishwa hutoa shufwa. Kwa hiyo jumla iliyoanza ikiwa shufwa itabaki shufwa, na iliyoanza ikiwa witiri itabaki witiri, hata uteleze vigae mwaka mzima.

Onyo la kwanza: usiipe nafasi tupu namba 0 au 16 na kuihesabu pamoja na vigae, kwa kuwa hiyo ni kanuni nyingine yenye masharti yake, na ukichanganya mbili utapata jibu lisilo na maana. Onyo la pili: ukianza kuhesabu mistari kutoka juu kwa mpangilio mmoja, anza juu kwa ule mwingine pia.

Hatua ya 4. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa lengo. Ikiwa moja ni shufwa na nyingine ni witiri, haufiki.

Kwa 14 na 15 zilizopishana, jozi iliyopinduka ni moja na nafasi tupu iko mstari wa 4, hivyo jumla ni 5. Lengo lina 4. Ushahidi umekamilika.

Sasa tuangalie mpangilio uliovurugika zaidi:

```
 5  1  2  4
 9  6  3  8
 _ 10  7 12
13 14 11 15
```

Namba 5 inafuatwa na ndogo nne (1, 2, 4, 3), namba 4 na moja, namba 9 na nne (6, 3, 8, 7), kisha 6, 8, 10, 12, 13 na 14 kila moja inafuatwa na ndogo moja. Jumla ni jozi 15. Nafasi tupu iko mstari wa 3, hivyo tunapata 18, ambayo ni shufwa kama lengo. Kwa kweli unamalizika kwa hatua nane: shusha 9, shusha 5, sogeza 1 kushoto, kisha 2 kushoto, pandisha 3, 7 na 11, mwisho sogeza 15 kushoto.

Maswali ya wanachama

Kachero: Mwalimu, mfano wako una jozi 15, ambayo ni witiri, kwa hiyo hauwezekani. Naona umekosea.

Jibu: Hukuongeza mstari wa nafasi tupu. Rudi hatua ya 3.

Kachero: Lakini kuna mahali nimesoma kwamba jozi pekee zinatosha.

Jibu: Zinatosha kwa fremu ya tatu kwa tatu. Hapa tunazungumzia nne kwa nne, na nimeiandika katika sentensi ya pili.

Bintiseif: Shikamoo mwalimu. Naomba unieleze kwa nini fremu ya tatu kwa tatu haihitaji mstari wa nafasi tupu.

Jibu: Marahaba, Bintiseif, swali zuri sana. Katika fremu yenye safu tatu za wima, kigae kinachopanda au kushuka huvuka vigae viwili, si vitatu. Jozi mbili zikiguswa, idadi hubaki ile ile au hubadilika kwa 2, kwa hiyo ushufwa au uwitiri wa jozi hautikisiki wenyewe. Angalia pia kwamba kinachoamua ni idadi ya safu za wima peke yake: fremu yenye safu tatu na mistari minne hufuata kanuni ya tatu kwa tatu. Jaribu mwenyewe kwa safu tano, ambapo kigae huvuka vinne.

Mtundu wa Namba: Na jumla zikilingana, je, tuna hakika kwamba mpangilio unafikika, au tumepata tu kwamba haujakatazwa?

Jibu: Umetofautisha vizuri, kwa sababu hoja yangu hapo juu inakataza tu. Upande wa pili ulithibitishwa na Story katika chapisho hilo la 1879: kila mpangilio ambao jumla yake inalingana na ya lengo unafikika. Kiini chake ni kwamba unaweza kuvizungusha vigae vitatu vyovyote bila kuacha vingine vimehama, na mizunguko ya namna hiyo inatosha kujenga kila badiliko shufwa. Kwa hiyo nusu kamili ya mipangilio yote inafikika, yaani 10,461,394,944,000.

Sauda K.: Mchezo wa kwenye simu yangu unataka nafasi tupu iwe juu kushoto, kisha 1 hadi 15. Kanuni inabadilika?

Jibu: Kanuni haibadiliki, linalobadilika ni lengo. Jozi ni 0 na mstari ni wa 1, hivyo lengo lako ni witiri. Maana yake ni kwamba mpangilio wenye 14 na 15 zilizopishana, ambao kwetu haufiki mwisho, kwako unafika.

Fundi Redio: Langu ni la plastiki, na watoto walivitoa vigae wakavirudisha ovyo. Nifanye nini?

Jibu: Hesabu kwanza. Ikiwa jumla ni witiri, chomoa vigae viwili vyovyote uvibadilishane mahali, maana kubadilishana kwa vigae viwili daima hugeuza witiri kuwa shufwa. Usihamishe nafasi tupu katika kufanya hivyo.