Somo: Kupiga hesabu ya SCR kabla ya kuunga mtambo wa jua kwenye kituo cha mbali

Swali ni lilelile kila mara kutoka kwa wenzetu wanaoandaa miradi ya jua na upepo huku kanda ya kati: "Kituo cha kupoza umeme kiko kilomita mia na kitu, gridi itatubeba?" Nimechoka kulijibu kwa vipande, kwa hiyo naliandika hapa lote.

Inveta za kawaida hazina rota nzito ya kushikilia voltiji. Zinaisoma voltiji ya gridi kupitia kitu kinachoitwa PLL, kisha zinasukuma mkondo kwa kuifuata. Laini ikiwa ndefu, mkondo huohuo unaisogeza voltiji inayosomwa. Ni kama mtu anayetaka kuona chini ya kisima huku mkono wake mwenyewe unayatibua maji. SCR, yaani uwiano wa nguvu ya shoti kwa uwezo wa mtambo, inakuambia maji yatatibuka kiasi gani:

```
SCR = nguvu ya shoti mahali pa kuunga (MVA) / uwezo wa mtambo (MW)
```

Tuchukue mfano: mtambo wa MW 50, laini ya kV 132 yenye urefu wa km 110, transfoma ya MVA 60 yenye impidansi ya asilimia 12.

Hatua ya 1. Pata nguvu ya shoti ya kituo, yaani MVA ambazo gridi inaweza kutoa pakipigwa shoti pale. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu. Kwenye mradi mmoja wenye mtambo na laini kama hizi nilipewa jedwali la nguvu ya shoti nikachukua MVA 1,500 bila kuuliza. Jedwali lile liliandaliwa kwa ajili ya kuchagua breka, na mtu anayechagua breka anataka shoti kubwa kuliko zote: mashine zote zinazunguka, laini zote zimeunganishwa. Sisi tunataka kinyume chake. Kwa hesabu yangu ile, nikiwa nimejumlisha laini tu bila transfoma, SCR ilitoka 6, nikaandika kwenye ripoti kwamba gridi ni imara. Siku ya majaribio, tulipovuka MW 35 hivi, transfoma ilianza kuunguruma kwa kupanda na kushuka, taa za chumba cha kuongozea zikawa zinapepesa, na inveta zikajitoa moja baada ya nyingine. Tukishusha uzalishaji, kimya. Tukipandisha, inarudi.

Kwa hiyo omba nguvu ya shoti ya chini kabisa, kwa maandishi, pamoja na hali iliyotumika kuikokotoa. Kwa huku kwetu uliza hasa mambo mawili: laini moja kubwa inayolisha kituo ikiwa nje kwa matengenezo, na mashine za Mtera zikiwa zimesimama kwa uhaba wa maji. Usikubali jibu la "ni ileile tu". Kwenye mfano huu nachukua MVA 600 siku ya kawaida, na MVA 350 laini moja ikiwa nje.

Hatua ya 2. Igeuze kuwa omu.

```
132² / 600 = 29.0
132² / 350 = 49.8
```

Hatua ya 3. Jumlisha laini. Omu 0.4 kwa kilomita, mara 110, ni 44.

Hatua ya 4. Jumlisha transfoma ya mtambo. Wengi huishia kwenye kV 132, lakini inveta zinaishi nyuma ya transfoma.

```
0.12 × 132² / 60 = 34.8
```

Hatua ya 5. Gawanya. Rezistansi nimeiacha kwa sababu kwenye laini ya kV 132 haibadilishi jibu sana.

```
Kawaida:          29.0 + 44 + 34.8 = 107.8    132² / 107.8 = 162 MVA    SCR = 3.2
Laini moja nje:   49.8 + 44 + 34.8 = 128.6    132² / 128.6 = 135 MVA    SCR = 2.7
```

Mtambo ni uleule na waya ni uleule, lakini ile 6 yangu imekuwa 2.7. Ikiwa juu ya 3 gridi huhesabiwa kuwa imara, kati ya 2 na 3 dhaifu, chini ya 2 dhaifu sana. Mipaka hiyo ilitoka kwenye miradi ya umeme mkubwa wa mkondo mnyoofu, kwa hiyo itumie kama onyo, usiifanye cheti.

---

Fundi_Kizota: SCR yangu ni 4. Niko salama?

Jibu: Umeipimia wapi, na kwa nguvu gani ya shoti? Hatua ya 1 na ya 4.

Fundi_Kizota: Kwenye kV 132. Nguvu ya shoti niliisoma kwenye kibao cha breka.

Jibu: Kibao kinasema breka inaweza kuhimili shoti kiasi gani. Hakisemi gridi inaweza kutoa kiasi gani. Anza upya, ndugu yangu.

Binti_wa_Bahi: Shikamoo mwalimu. Jirani yetu naye anajenga MW 50 kwenye baa ileile ya kV 132. Kila mmoja apige hesabu yake peke yake?

Jibu: Marahaba, swali zuri sana hili. Hapana, mnahesabiwa pamoja, kwa sababu inveta zenu zote zinasoma voltiji ile moja. Laini moja ikiwa nje, kwenye baa mna omu 49.8 + 44 = 93.8, yaani MVA 186. Gawanya kwa MW 100, unapata 1.9, tena kabla ya kuhesabu transfoma. Kila mmoja kwenye karatasi yake angeona 3.7 palepale kwenye baa na kulala usingizi. Nendeni pamoja mkafanyiwe uchambuzi wa mawimbi kamili ya voltiji, kwa modeli halisi za watengenezaji wa inveta zenu.

Mkaka_Manyoni: Si tufunge kapasita tu voltiji ipande?

Jibu: Voltiji itapanda, udhaifu utaongezeka. MVAr za kapasita unazitoa kwenye nguvu ya shoti kabla ya kugawanya. Kwenye mfano, ukifunga kapasita za MVAr 20, 135 toa 20 gawanya kwa 50 ni 2.3. Nimeshaona watu wakifunga kapasita mara ya pili kutibu tatizo lililoletwa na kapasita za kwanza.

Mkaka_Manyoni: Sasa dawa ni nini? Umelaumu tu.

Jibu: Sijalaumu, nimekupa hesabu. Ya bei nafuu ni kumwita mtengenezaji apunguze kasi ya PLL na ukali wa kidhibiti voltiji. Ndivyo tulivyotuliza mtambo wetu ule, ingawa laini moja ikitoka bado tunashusha uzalishaji. Ya gharama ni mashine ya sinkroni inayozunguka bila tabaini, au inveta zinazounda voltiji zenyewe badala ya kuifuata. Laini ya pili pia inasaidia.

Binti_wa_Bahi: Kuna namna ya kuhakiki nguvu ya shoti tuliyopewa bila kusubiri ajali?

Jibu: Ipo. Kama kuna riakta kwenye baa yenu, omba iwashwe usiku inveta zikiwa zimezimwa kabisa, usome voltiji kabla na mara tu baada. MVAr za riakta ukizigawanya kwa sehemu ya voltiji iliyoshuka, unapata nguvu ya shoti. Riakta ya MVAr 10 ikishusha kV 132 hadi 126.5, hiyo ni asilimia 4.2, basi mna kama MVA 240. Wahini kusoma ndani ya sekunde chache, kabla tapu za transfoma kituoni hazijasogea. Na muwaulize waendeshaji ni mashine zipi zilikuwa zinazunguka saa hiyo, muandike pembeni ya jibu.