Mafuta yamepungua njiani: baridi, mita au dereva? Hesabu ya lori moja kutoka Tanga hadi Lushoto

Lori likifika sheli na dipu, yaani kipimo cha kijiti ndani ya chemba, ikaonyesha pungufu, wa kwanza kushukiwa ni dereva. Mara nyingine ni kweli. Lakini njia ya Tanga kwenda Lushoto inatoka kwenye joto la pwani na kuingia kwenye baridi ya Usambara, na mafuta yakipoa husinyaa. Kabla ya kumkata mtu mshahara, fuata hatua hizi.

Mfano wetu ni lori fupi la chemba mbili, petroli lita 8,000 na dizeli lita 8,000. Trela refu kwenye kona za Soni silipendekezi.

Hatua ya 1: Depo

Funga waya wa arthi kabla ya kufungua mfuniko wowote. Kama chemba ya dizeli ilibeba petroli safari iliyopita, mwambie mpakiaji. Mvuke wa petroli bado umo ndani, na dizeli inayoingia kwa kasi huzalisha umeme tuli unaoweza kuuwasha. Mtiririko uanze polepole mpaka mdomo wa bomba uzame.

Mita ikisimama, subiri dakika 10 ndipo upige dipu, ili umeme tuli upungue na mafuta yatulie. Andika vitu vitatu kwa kila chemba: lita za mita, lita za dipu na joto la mafuta. Wengi huondoka na lita za mita peke yake, na hapo ndipo ugomvi wote wa baadaye unapozaliwa. Soma pia hati ya kupakia: lita zake ni za joto la wakati ule au zimegeuzwa kuwa za nyuzi 20? Ukichanganya hizo mbili, hesabu yote inaharibika.

Kwenye lori letu mita ilisema 8,000 kila chemba, joto nyuzi 32. Dipu ya petroli ilikuwa 8,000. Ya dizeli ilikuwa 7,895.

Piga sili kwenye mifuniko na vali za chini, kisha andika namba zake.

Hatua ya 2: Kufika

Lori likilala Mombo na kupanda alfajiri, mafuta yatakuwa yamepoa. Egesha mahali tambarare, jambo ambalo Lushoto si rahisi. Lori likiinama, dipu inadanganya. Kwenye chemba kama hizi milimita moja inaweza kuwa lita 5 hivi. Una shaka? Geuza lori, upime tena.

Linganisha namba za sili, pima joto, piga dipu. Paka dawa ya kupimia maji kwenye ncha ya kijiti. Ikibadilika rangi, kuna maji chini.

Hatua ya 3: Hesabu

```
kusinyaa = lita x nyuzi zilizopungua x kizidishi
petroli: 0.0012    dizeli: 0.00083
```

Vizidishi hivi ni vya kukadiria; majedwali rasmi hutumia pia uzito wa kila lita ya mafuta yenyewe.

Joto la kufika ni nyuzi 26, yaani zimepungua 6. Petroli inasinyaa lita 58, kwa hiyo tunatarajia 7,942. Dipu inasoma 7,925. Lita 17 zilizobaki ni milimita tatu au nne za kijiti, pamoja na mvuke kidogo. Hapo hakuna kesi.

Dizeli tungetarajia 7,960, ila dipu inasoma 7,850. Lita 110 hazielezwi na baridi, na dizeli haitoi mvuke wa kutaja. Hapa watu huanza kupiga kelele. Wewe rudi kwenye dipu ya depo: 7,895 ikisinyaa lita 39 inabaki 7,856. Njiani zimepotea lita 6 tu, na sili ni zilezile. Dereva hana hatia. Swali linarudi kwenye mita: tangi la depo likikaribia kuisha, pampu huweza kuvuta hewa, na kitoa hewa kikiwa kibovu mita huihesabu hewa kama mafuta. Piga picha za kijiti, peleka malalamiko kabla ya kushusha. Ukishashusha, ushahidi umekwisha.

Hatua ya 4: Kushusha

Arthi kwanza. Funga pampu zinazovuta kutoka tangi hilo. Hakikisha nafasi ipo: tangi la lita 15,000 lisipite 14,550. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutelemka na mteremko. Kama chini ya sheli yako kuna mama lishe na jiko la mkaa, jiko lizimwe kabla hosi haijaungwa. Mtu mmoja asimame kwenye vali muda wote.

Hatua ya 5: Siku zinazofuata

Tangi la ardhini likiwa na nyuzi 22, petroli ile itasinyaa tena lita 38 hivi bila mtu kuigusa. Pima joto la tangi unapofunga hesabu, uliandike pembeni ya dipu, kabla hujamuuliza mhudumu wa pampu chochote.