Usihifadhi "imefika" peke yake

Mnaotengeneza apu za kugawa kazi, mfano za boda kupeleka mizigo, msihifadhi ile hali ya mwisho tu, maana mteja akisema mzigo sijaupata na dereva anasema nimempa mkononi mtakuwa hamna pa kushika. Kila tukio liwe na rekodi yake: kazi namba ngapi, nani kafanya, simu gani, hali ilikuwa nini ikawa nini.

Muda ndo wengi wanakosea. Weka wa simu na wa seva, vyote viwili. Tuseme "imefika" ina 14:02 kwenye simu ila seva imepokea 14:47. Mtandao unakata, hiyo kawaida. Lakini kama simu hiyohiyo ilituma tukio jingine la 14:30 na seva ikalipata dakika ileile, basi mtandao ulikuwepo, kwa nini la 14:02 halikutangulia? Huenda saa ya simu imerudishwa nyuma. Bado si ushahidi wa wizi ila ndo pa kuanza kuuliza.

Alafu mtu wa kastama kea akifunga kazi kwa niaba ya dereva, rekodi itaje wote wawili na sababu, ukiandika dereva tu umemsingizia mtu wa watu.

Na akaunti ambayo apu inatumia kuingia kwenye database, kwenye jedwali la matukio hayo ipewe INSERT na SELECT basi, UPDATE na DELETE hapana, kosa lisahihishwe kwa tukio jipya linalotaja namba ya lile la zamani.