Kabla ya Kuvuta Pazia: Mambo ya Kuzingatia Unapojiandaa Kufundishia Kando ya Kitanda

Mgonjwa aliyelazwa huvumilia kushikwa na kugeuzwa na wanafunzi kwa dakika 15 hivi, kisha huchoka. Ndani ya dakika hizo mkufunzi hana nafasi ya kutafuta mgonjwa, kumwomba ridhaa na kugundua kuwa dalili aliyoitegemea haipo, kisha bado afundishe. Kazi hiyo yote hufanywa kabla. Nitaieleza kwa mfano mmoja tu, ambao wakufunzi wengi wa wodi za magonjwa ya ndani wanaujua: kumfundisha mwanafunzi mmoja, au kikundi cha watatu au wanne, kugonga kifua cha mgonjwa mwenye maji kati ya tando za pafu la kulia.

Anza kwa kuandika sentensi moja ya kile mwanafunzi atakachoweza kukifanya mkimaliza. "Kuchunguza kifua" si sentensi hiyo, kwani ina kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza, na hakuna atakayeondoka anajua hata kimoja vizuri. Mimi huandika hivi: "Kila mmoja agonge mgongo kutoka juu kwenda chini, akilinganisha kulia na kushoto, na aonyeshe kwa kidole mahali mlio unapobadilika." Sentensi ya namna hii hukusaidia pia kukataa. Mwanafunzi akiuliza kuhusu uvimbe wa miguu mkiwa hapo, unajua swali hilo linangoja koridoni.

Kisha mchunguze mgonjwa mwenyewe, asubuhi hiyohiyo. Usitegemee faili, wala ulichokisikia juzi kwenye mzunguko wa madaktari. Nilijifunza hili siku niliyowapeleka wanafunzi wanne kwa mgonjwa ambaye nilikuwa nimemgonga siku mbili kabla na kusikia mlio mzito hadi katikati ya mgongo. Usiku wa kuamkia kipindi chetu alikuwa ametolewa maji zaidi ya lita moja. Wanafunzi waligonga, wakasikia mlio wa kawaida, lakini wawili kati yao walisema wamesikia mlio mzito kwa sababu walijua ndio niliotaka wausikie. Kukosa dalili halikuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba niliwafundisha kukana masikio yao. Unapomchunguza, tafuta pia mpaka wenyewe: ni kwenye mbavu zipi mlio unabadilika, na unabadilika kwa kiasi gani. Maji kidogo, chini ya mililita 300 hivi, kwa kawaida hayagunduliki kwa kugonga hata yakionekana kwenye ultrasaundi. Mgonjwa wa aina hiyo hamfai anayeanza.

Ridhaa iombwe ukiwa peke yako na mgonjwa. Ukimwomba huku wanafunzi wamekwisha kuzunguka kitanda, hutajua kama amekubali au ameona haya kukataa. Mweleze mambo manne kwa maneno mepesi: watakuja wangapi, watamfanya nini, itachukua muda gani, na kwamba akikataa au akitaka waache katikati, matibabu yake hayatabadilika hata kidogo. Mkubaliane ishara, kwa mfano kuinua mkono, ili asilazimike kukatisha maneno ya mtu. Ukiona anajibu "haya" huku anatazama pembeni, lichukue kama kukataa na uende kwa mgonjwa wako wa akiba. Lazima uwe na wa akiba, naye uwe umemchunguza na kumwomba vilevile.

Zungumza na muuguzi wa zamu kabla hujawaita wanafunzi. Yeye ndiye anayejua kama mgonjwa ana miadi ya eksirei, kama amepewa dawa ya maumivu, na kama ataweza kuketi bila kuishiwa pumzi. Hili halichukui hata dakika mbili.

Sehemu inayonidai muda mwingi zaidi ni ile ya kuwaandaa wanafunzi mbali na kitanda. Kuna njia ya kufundisha ufundi wa mikono kwa hatua 4, aliyoieleza Rodney Peyton mwaka 1998: mkufunzi afanye kimya, afanye tena akieleza, afanye kwa kufuata maelekezo anayotamkiwa na mwanafunzi, kisha mwanafunzi afanye mwenyewe huku akitamka kila hatua. Ni njia nzuri, ila ukiifuata yote juu ya mgonjwa, umemgonga mara nne kabla mwanafunzi wa pili hajaanza. Kwa hiyo hatua tatu za mwanzo zifanyike kwenye chumba cha mafunzo, juu ya mgongo wa mwanafunzi mmoja aliyekubali. Hapo wanapata jambo jingine la lazima: sikio la mlio wa kawaida. Mtu asiyeujua mlio wa pafu lenye hewa hawezi kuutambua uliobadilika. Waambie pia wagonge paja lao wenyewe, kisha kifua, waone tofauti. Mlio wa paja unakaribia ule watakaoukuta juu ya maji.

Wakiwa chumbani humo, tazama mikono yao, kwa kuwa makosa ya kugonga yanajulikana. Kidole cha kati cha mkono wa chini kikiwa kimelegea hakipitishi mlio, hivyo kila mahali huonekana pazito. Kidole hicho kikandamizwe kwenye nafasi kati ya mbavu, vile vingine viinuliwe. Kugonga kutoke kwenye kifundo cha mkono, si kwenye kiwiko, na kidole kinachogonga kiondoke mara moja. Kosa lingine ni kugonga juu ya mfupa wa bega, ambako mlio ni mzito hata kwa mtu mzima wa afya. Mgonjwa akikumbatia mabega yake kwa mikono iliyopishana, mifupa hiyo husogea pembeni. La mwisho, wengi humaliza upande mmoja wote ndipo waende wa pili, na wakifika huko wamesahau walichosikia. Wagonge kulia, kushoto, kisha washuke.

Hapo hapo mgawane kazi na mkubaliane maneno. Katika kikundi cha watatu, mmoja anachunguza, wa pili anautazama uso wa mgonjwa wakati wote na kutoa taarifa akiona maumivu au uchovu, wa tatu atatoa muhtasari. Kisha wanabadilishana. Asiye na kazi hutazama simu au ukuta, na mgonjwa humwona. Kuhusu maneno, maji ya upande mmoja wa kifua yana sababu nyingi, zikiwemo kifua kikuu na saratani, na huenda majibu ya mgonjwa huyu hayajatoka, au yametoka naye hajaambiwa. Waambie wazi kwamba kando ya kitanda hatutataja sababu, tutataja tulichokisikia. Uliza mapema mgonjwa ameshaambiwa nini.

Maswali nayo yaandaliwe. Mwaka 1992 Neher na wenzake walieleza mpangilio wa hatua 5 unaofaa sana muda ukiwa mfupi: mfanye mwanafunzi atamke uamuzi wake, muulize ushahidi wake, mfundishe kanuni moja, mwambie alichofanya sawa, kisha rekebisha kosa. Hatua ya kwanza ndiyo ngumu kwa mkufunzi mwenye mwanafunzi mmoja tu, kwa sababu kimya kikitanda kati ya watu wawili mkufunzi hukijaza mwenyewe. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi miaka ya 1970, aliona walimu wakingoja kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakingoja sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye sababu. Mimi huhesabu moyoni. Katika kikundi chenye wanafunzi wa miaka tofauti, muulize kwanza wa mwaka wa chini, kwani akitangulia mkubwa, wadogo hawana tena la kusema.

Hebu tazama kipindi kimoja kilivyokwenda. Mwanafunzi alimwamkia mgonjwa, "Shikamoo, mzee," akajitambulisha, akasafisha mikono na kuipasha joto kwa kuisugua, kisha akamwomba akumbatie mabega. Aligonga hadi chini ya bega la kulia akasimama. "Mlio umebadilika hapa," akasema, akaweka kidole. Tulipotoka koridoni nilimuuliza anafikiri kuna nini ndani. Akajibu nimonia. Sikusema si kweli, niliuliza tu, "Umeegemea nini?" Akasema mlio mzito na homa iliyoandikwa kwenye chati. Nikangoja. Akaongeza kwamba sauti ya pumzi upande huo ilikuwa hafifu sana, na mgonjwa alipotamka neno kwa sauti nzito, mtetemo haukufika mkononi.

Hapo kanuni ilikuwa tayari kufundishwa, na nilikuwa nimeiandika asubuhi: mlio mzito peke yake hautofautishi maji na pafu lililojaa uvimbe wa nimonia, kinachotofautisha ni mtetemo wa sauti. Pafu lililoshikamana hupitisha sauti vizuri zaidi, hivyo mtetemo huongezeka na pumzi husikika kwa ukali. Maji huliweka pafu mbali na ukuta wa kifua, hivyo vyote viwili hupungua. Nilimwambia kwamba mpaka alioonyesha ulikuwa sahihi, tena palepale nilipouweka mimi. Kisha nikamrekebisha: ushahidi alikuwa nao wote mkononi, ila alitoa uamuzi kabla ya kuutumia. Alitaka kurudi kuupapasa mtetemo tena. Nilirudi naye kumuuliza mgonjwa kama anaweza, naye akakubali kwa dakika moja.

Panga pia yapi yatarekebishwa kitandani na yapi yatangoja. Kinachoweza kumuumiza mgonjwa, kama mwanafunzi kumvuta kwa mkono wenye kanula au kumlaza chali mtu anayepumua kwa shida, kizuiwe papo hapo kwa upole na kwa maneno machache. Kidole kilicholegea unaweza kukibonyeza kwa mkono wako bila kusema kitu. Makosa ya fikra yangoje koridoni. Mwanafunzi aliyeaibishwa mbele ya mgonjwa hatatamka tena uamuzi wake, na mgonjwa atajiuliza kama alikuwa salama mikononi mwake.

Tenga dakika 2 za mwisho za kumfunika mgonjwa, kurudisha mito na meza yake zilipokuwa, na kumuuliza kama kuna alichokisikia ambacho hakukielewa. Swali hilo liulize wewe. Mzee yule aliuliza kwa nini kijana alisema "mlio umebadilika", kama maana yake maji yameongezeka. Nilimweleza kuwa ni maji yaleyale aliyoambiwa na daktari wake, kisha nikamweleza muuguzi wa zamu alichouliza, ili akiuliza tena jioni apate jibu lilelile.