Kutambua aina za plaizi kwenye picha ya boksi la spana: anza na mikono, mdomo baadaye

Wateja wangu wengi hawafiki dukani. Mtu yuko Tunduma, Chunya au Makambako, ameonyeshwa boksi la spana la mtumba, anapiga picha na kuituma: "Fundi, humo kuna plaizi gani? Nilipe au niache?" Hapa Mwanjelwa, Mbeya, swali hilo tunalijibu kila mara, na mimi nina mpangilio wangu wa kulijibu.

Watu wengi hukimbilia kutazama mdomo wa plaizi. Kwenye boksi mdomo ndio unaozama chini, ukafunikwa na spana, bisibisi na vitambaa vya mafuta. Kinachobaki juu ni mikono na, ukibahatika, ile pini inayoshikilia pande mbili. Kwa hiyo tunaanzia huko.

Hatua ya 1: Tafuta skrubu mwisho wa mkono

Kuza picha, ufuate kila mkono hadi mwisho wake. Ukikuta mkono mmoja umetobolewa mwishoni na ndani yake mna skrubu yenye kichwa kilichochongwa mistari ili vidole visiteleze, hiyo ni vaisigripu. Skrubu hiyo ndiyo inayopanga mdomo ufunguke kiasi gani na ubane kwa nguvu kiasi gani. Mkono wa pili, kwa nyingi upande wa ndani, una kiwiko kidogo cha kuachilia. Katikati ya mikono kuna kipande cha chuma cha ziada. Ndicho kinachojifunga ukishabana, ukaweza kuondoa mkono wako na kazi ikabaki imeshikwa. Aliyeibuni ni mhunzi William Petersen wa DeWitt, Nebraska, miaka ya 1920, na hadi leo skrubu iko palepale.

Hatua hii naitanguliza kwa sababu vaisigripu zina midomo ya kila namna: iliyopinda, bapa, hata mirefu myembamba. Ukiona mdomo mrefu tu juu ya spana unaweza kuapa ni plaizi ya mdomo mrefu, kumbe mwisho wa mkono kuna skrubu. Mikono ikisema vaisigripu, mdomo hauna la kupinga.

Hatua ya 2: Tazama pini

Zilizobaki zigawe kwa pini. Plaizi ya pini ya kuhama ina tundu refu, kama matundu mawili yaliyoungana, na pini huhama kutoka moja kwenda jingine ili mdomo uwe mpana au mwembamba. Kwenye picha utaona kichwa cha bolti au nati, na pembeni yake kipande cha tundu kilichobaki wazi, kwa kawaida cheusi. Upande mmoja pia huwa umelala juu ya mwenzake. Plaizi nyingine za kawaida zina ribiti nene ya duara isiyohama, mara nyingi imesawazishwa na chuma, na pande zake mbili zimechongwa zikaingiana.

Shida ni grisi. Boksi la gereji lina grisi kila mahali, na doa la grisi kando ya ribiti hufanana kabisa na tundu tupu. Ukiwa na shaka usibahatishe. Omba picha plaizi ikiwa imefunguliwa kadiri inavyoweza: ya kuhama itaonyesha pini imekaa upande mmoja wa tundu, ya ribiti haitaonyesha chochote kipya.

Wotapampu nayo pini yake huhama, ila haisumbui. Ina nafasi nyingi za kuhamia, si mbili, na kichwa chake kimekaa mshazari juu ya mikono mirefu.

Hatua ya 3: Sasa mdomo

Plaizi ya mdomo mrefu haina mjadala mdomo ukionekana: unaanza mpana kwenye ribiti na kupungua hadi ncha, na makali ya kukatia yako karibu na ribiti. Hakikisha tu ncha ina meno na ni bapa kwa ndani. Ncha zikiishia na vijiti viwili vya duara, hiyo ni plaizi ya saklipu, haitakushikia waya.

Kazi iko kwenye plaizi mbili nene ambazo wauzaji huzichanganya kila siku: plaizi ya mafundi wa laini za umeme, na ile plaizi ya kawaida iliyo kwenye kila duka la vifaa. Zote zina pua butu na makali pembeni. Tazama katikati ya pua na makali, mdomo ukiwa umefungwa. Ya kawaida ina uwazi wenye umbo la yai na meno ndani yake, wa kushikia bomba au nati. Ya mafundi wa laini kwa kawaida haina yai hilo; pua yake ni ya mraba na nzito, makali ni marefu, na kichwa chote ni kipana, kwa sababu imetengenezwa kusokota na kukata waya mnene.

Hatua ya 4: Pata kipimo

Picha haina kipimo mpaka uweke kitu unachokijua. Kadi ya benki ina urefu wa milimita 85.6, inatosha, ila namba zake zote zifunikwe. Iwekwe kando ya plaizi, kwenye usawa uleule, na simu ishikwe juu kabisa isiiname. Kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa, na hapo ndipo plaizi ya inchi 6 inapogeuka ya inchi 8. Inchi 6 ni kama kadi moja na robo tatu, inchi 8 ni kadi mbili na zaidi kidogo ya theluthi moja, na inchi 9, ambacho ni kipimo cha kawaida cha plaizi ya laini, ni kama kadi mbili na theluthi mbili.

Picha moja kutoka Makambako

Fundi pikipiki alinitumia boksi lenye plaizi nne. Ya kwanza ilionyesha mkono mmoja tu, chuma kitupu, skrubu mwishoni: vaisigripu, tukasonga mbele. Ya pili ilikuwa na mikono ya mpira mwekundu, nati katikati na doa jeusi kando yake. Nikamwambia aifungue, na pini ikaonekana imekaa pembeni mwa tundu: ya kuhama. Ya tatu mdomo ulikuwa chini ya nyundo, lakini kipande kilichoonekana juu ya ribiti kilikuwa kimeshaanza kuwa chembamba. Niliiandika "mdomo mrefu, thibitisha", naye alipoiondoa nyundo akakuta meno hadi nchani.

Ya nne muuzaji aliiita plaizi ya laini na bei yake ilikuwa juu. Ilikuwa na mikono minene ya mpira wa njano na kichwa kipana. Nikaomba picha ya pili, mdomo umefungwa, kadi kando. Yai lenye meno lilikuwepo, na urefu ulikuwa kadi mbili na zaidi kidogo ya theluthi moja. Plaizi ya kawaida ya inchi 8, basi, na kwenye hiyo akapunguziwa.

Aliuliza kama ule mpira wa njano unazuia umeme. Rangi na unene havisemi lolote. Mpira mwingi ni wa kushikia tu. Plaizi iliyopimwa kwa kazi ya umeme huwa na alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V kwenye mikono. Hata yakisomeka kwenye picha, ufa mwembamba kwenye mpira hauonekani, na mtumba una nyufa. Nilimjibu aitumie kwenye pikipiki na asiiguse kwenye waya wenye moto.