Kiazi ni mzizi? Maswali mawili ya kumalizia kipindi

Ukimaliza sehemu za mmea kisha ukauliza "Taja sehemu za mmea", watoto wataimba: mzizi, shina, jani, ua, tunda. Hapo umepima kukariri tu. Mimi nafundisha Moshi, na kinachonionyesha walichoelewa ni viazi viwili vya sokoni.

Hatua ya 1. Nunua kiazi mviringo chenye macho yanayoonekana vizuri, na kiazi kitamu. Vipitishe darasani dakika kumi kabla ya kengele.

Hatua ya 2. Chana karatasi ya daftari vipande vinne, kila mtoto kimoja. Andika ubaoni:

1. Kiazi mviringo ni (a) mzizi (b) shina (c) tunda. Umejuaje?
2. Kiazi kitamu ni (a) mzizi (b) shina (c) tunda. Umejuaje?

Muda ukikubana, punguza chochote ila "Umejuaje?". Wakabidhi vikaratasi mlangoni wakitoka. Sitoi alama, maana wakisikia alama wanatazamiana.

Hatua ya 3. Soma majibu mawili kwa pamoja, kisha panga mafungu. Kiazi mviringo ni shina, kiazi kitamu ni mzizi. Mara ya mwisho nilikuwa na vikaratasi 54. Waliopata yote mawili walikuwa 9. Walioandika mzizi kote walikuwa 31, na sababu yao ilikuwa ileile: "kiko chini ya udongo". Wanane waliandika shina kote. Hao walishasikia mahali kwamba "kiazi ni shina" wakakibeba hivyo hivyo. Sita waliandika tunda, "kwa sababu kinaliwa". Ningeuliza kiazi mviringo peke yake, wale wanane wangenipita wakionekana wameelewa.

Hatua ya 4. Kesho yake anza na fungu kubwa. Wape kiazi mviringo watafute macho. Kila jicho ni chipukizi, na pembeni yake kuna alama kama nyusi, mahali palipokuwa na jani dogo sana. Machipukizi na majani hukaa kwenye shina kwa mpangilio. Kiazi kitamu hakina macho ya namna hiyo. Kina vijizizi vyembamba.

Hapa jihadhari, nami niliwahi kuteleza. Usiwaambie "kinachochipua ni shina". Kiazi kitamu nacho huchipua kikikaa jikoni, na yupo mtoto atakayekuletea ushahidi. Alama ni macho yaliyopangika, si kuchipua.

Hatua ya 5. Siku hiyohiyo toa kikaratasi kingine chenye maswali yaleyale, ila badilisha vitu: tangawizi na muhogo. Tangawizi ina pingili na machipukizi, kwa hiyo ni shina. Muhogo tunaokula ni mzizi. Atakayeandika muhogo ni shina, msome sababu kabla ya kumkosoa: huenda amemwona bibi akipanda vipande vya mti wa muhogo, na mti ule kweli ni shina. Huyo muulize tu anazungumzia sehemu ipi.